Sherehe za Bamvua

Kisanduku cha mwisho upande wa kulia wa jedwali la ripoti ndicho kilichokuwa changu. Vingine vilijijaza vyenyewe. Shughuli iliyopangwa ilitoka kwenye mpango kazi, lengo lilitoka kwenye mkataba, kilichofikiwa kilitoka kwenye karatasi za mahudhurio, na asilimia ilikokotolewa na kompyuta. Lakini kisanduku cha mwisho, kilichoandikwa "Sababu za tofauti", kilimngoja mtu wa kukijaza kwa akili yake, na mtu huyo kwa miaka sita nilikuwa mimi.

Ofisi yetu ilikuwa Raskazone, ndani ya nyumba ya zamani yenye kuta nene na madirisha marefu. Shirika lenyewe dogo: mkurugenzi, mhasibu, wakufunzi wawili, dereva na mimi, afisa wa ufuatiliaji na ripoti. Mkurugenzi ni mzee wa Lushoto, mpole, mtu wa sweta hata mwezi wa pili watu wanapotokwa jasho kwenye kope. Siku yangu ya kwanza alinifundisha sheria mbili. Ya kwanza, mfadhili akitaka sababu ya kila tofauti inayozidi asilimia kumi, basi hata ukivuka lengo utoe sababu, maana kuvuka nako ni kukosea hesabu. Ya pili, usiache kisanduku wazi. Kisanduku kilicho wazi kinamfanya mtu wa Ulaya akose usingizi, na akikosa usingizi anaandika barua pepe.

Kwa hiyo sikuacha kisanduku wazi. Nilikuwa na maneno yangu ya akiba. Mvua ilifaa kwa barabara. Mabadiliko ya bei yalifaa kwa vifaa. Na pale watu waliposhindwa kuja mkutanoni, nilikuwa na neno moja lililonitumikia kama shati jeupe, la msibani na la harusini: mwamko mdogo wa jamii. Sikulitunga mimi. Nililikuta kwenye ripoti za walionitangulia, nao sijui walilitoa wapi. Lina sauti ya kisomi, halimtaji mtu, na hakuna aliyewahi kuniuliza maana yake. Kijiji kimoja cha pwani ya kaskazini, njia ya kwenda Horohoro, kiliwahi kuachwa na mradi baada ya mwaka mmoja tu, na sababu kwenye ripoti ilikuwa hilo neno. Niliandika, tukafunga faili, nikaenda kula.

Nisieleweke vibaya, sikuwa mvivu. Nilikuwa mkali wa takwimu hadi wenzangu wakinikwepa. Mkufunzi akiniletea karatasi ya mahudhurio isiyo na sahihi namrudisha nayo Pangani. Lakini nilizaliwa Pongwe, kwenye kambi ya mkonge, baba yangu alikuja kutoka bara kukata mkonge na mama alikuwa mwimbaji wa kwaya ya Kilutheri. Bahari kwetu ilikuwa kitu cha Pasaka. Tulipelekwa kwa lori, tunalowesha miguu, tunapigwa picha, tunarudi. Nilipopata kazi Raskazone meza yangu ikawa inatazama maji, na kwa miaka yote hiyo niliyaona yakienda mbali na kurudi, sikuwahi kujiuliza yanakwenda kwa ratiba ya nani.

Mradi wa Ushongo ulikuwa wa akina mama wa mwani. Mwaka wa kwanza ulikuwa na mambo mawili makubwa: vichanja kumi vya kuanikia mwani usichafuke na mchanga, na mafunzo kumi na mawili ya kuukausha na kuusindika, kila Jumatano saa nne asubuhi, kwa miezi mitatu. Mwaka wa pili ndio ulikuwa na kitu chenyewe walichokitaka, banda la kukaushia lenye paa, maana mvua moja ya ghafla huweza kuharibu kazi ya wiki nzima. Ila mkataba ulikuwa na kifungu. Kijiji kitakachofikisha chini ya asilimia sitini ya mafunzo hakitaingia mwaka wa pili, isipokuwa ionekane kwamba sababu haikutokana na wanajamii wenyewe.

Mwisho wa kipindi nikakaa na jedwali. Vichanja: lengo kumi, vilivyojengwa kumi na vinne. Mafunzo: lengo kumi na mawili, yaliyofanyika sita. Asilimia hamsini.

Nikachukua karatasi za zile Jumatano sita zilizoharibika. Mkufunzi aliyekuwa akienda alikuwa kijana wa Moshi, na wakati huo alishapata kazi Dodoma na kuondoka, kwa hiyo nilibaki na maandishi tu. Katibu wa kikundi alikuwa ameandika chini ya kila karatasi, kwa hati nzuri ya shule ya zamani: "Hawakuja. Bamvua." Sita zote. Bamvua, bamvua, bamvua.

Sasa mimi bamvua sikuijua. Kwa mlio wake niliona ni ngoma. Msewe, kirumbizi, bamvua, inakaa sawasawa. Nikamwuliza mkurugenzi, naye akafikiri kidogo ndani ya sweta yake, akasema nadhani ni sherehe za watu wa huku, wana mambo mengi ya kimila. Hivyo ndivyo watu wawili wa bara, ofisi yao ikitazama bahari, walivyokubaliana. Nikaandika: "Mwamko mdogo wa jamii kutokana na mwingiliano wa ratiba ya mafunzo na sherehe za kimila (bamvua)." Nililipenda lile neno kwenye mabano. Lilionyesha kwamba afisa amefanya utafiti.

Ripoti ingeondoka hivyo kama siku zote, lakini mwaka ule mfadhili alikuwa ameongeza sharti. Kabla ya kuituma, isomwe kwa lugha ya wahusika mbele yao, na muhtasari wa kikao uambatishwe wenye sahihi zao. Nililalamika sana. Nilisema ni kupoteza mafuta. Kisha nikatafsiri jedwali langu kwa Kiswahili, nikampigia simu katibu, nikamwambia nakuja Alhamisi. Akasema Alhamisi hiyo ni nzuri, njoo hata asubuhi. Sikumwuliza kwa nini ni nzuri.

Tulivuka Pangani kwa kivuko, tukafika Ushongo kabla ya saa nne. Ofisi ya kijiji ilikuwa imejaa. Akina mama ishirini na nane kati ya thelathini, mikeka imetandikwa, na mbele kabisa mwenyekiti wao, mama wa Kipemba wa miaka kama sitini, aliyeolewa Ushongo akiwa msichana na hajawahi kuacha lafudhi yake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akanipa kiti, yeye akakaa chini. Kuona watu wote wale nilishangaa. Nilijiambia kimoyomoyo, wakisikia kuna kusomewa wanakuja, wakiitwa kufundishwa hawaji.

Nikaanza na vichanja. Nilipofika kwenye sababu ya kuvuka lengo wakacheka sana. Mmoja akauliza kama kujenga vingi ni kosa. Nikaeleza kwamba si kosa, ila lazima ielezwe. Wakaniambia niandike ukweli: miti ya mivinje tuliyowaletea ilikuwa mirefu kuliko ilivyotakiwa, wakaikata, ikatosha vinne zaidi. Nikaandika. Kikao kilikuwa kizuri mpaka hapo, na nilianza kujiona mtu wa watu.

Kisha nikasoma ya mafunzo. Nilisoma kwa sauti ya ofisini, mpaka kwenye mabano. Sherehe za kimila, bamvua.

 Mama mmoja nyuma akafunika uso kwa mtandio, mabega yakaanza kutikisika, na chumba kizima kikaangua kicheko cha kulia machozi. Katibu, mtu mzima mwenye heshima zake, aliinama juu ya daftari lake hakuinuka. Mimi nilikuwa natabasamu tu huku sijui nacheka nini, masikio yakiwaka moto. Nilikasirika, sitaficha. Nilifikiri wananifanyia dharau.

Mwenyekiti hakucheka. Alingoja wenzake wanyamaze.

"Mwanangu," akasema, "huko kwenu bamvua mwaichezaje?"

Nikajibu kwa ukweli kwamba sijui, nilidhani ni ngoma ya huku.

"Bamvua ni maji. Maji makubwa, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Yakipwa, yapwa mbali, na ndipo mwani waonekana. Siku tano, sita, basi. Zikipita hizo ni maji mafu, hayatoki ya kutosha, twakaa nyumbani kama leo. Na ya bamvua hupwa asubuhi, saa nne yako hiyohiyo."

Nilikuwa bado na karatasi mkononi. Aliomba nimsomee tarehe za zile Jumatano sita. Nikamsomea. Akamwambia katibu ashushe ukutani kalenda ya duka, ile yenye tarehe za Kizungu na chini yake, kwa herufi ndogo, tarehe za mwezi mwandamo. Walizitafuta moja moja, kidole cha katibu kikitembea. Ya kwanza ilikuwa tarehe kumi na sita ya mwezi mwandamo. Ya pili tarehe mosi. Tukaenda hivyo hadi ya sita, na zote zilikaa jirani na mwezi mpya au mwezi mpevu. Zile Jumatano sita zilizofanikiwa zilikaa katikati, kwenye maji mafu. Hapakuwa na mwamko uliopanda wala kushuka. Palikuwa na mwezi, na mpango kazi wetu uliopangwa kwa Jumatano kama vile tunafundisha makarani.

Nilitaka kujitetea. Nikauliza kwa nini hawakutuambia. Katibu akasema kwa upole kwamba aliandika mara sita.

Ndipo mwenyekiti akauliza lile lililokuwa likimkaa moyoni tangu mwanzo. "Na huo mwamko mdogo, ndiko kuamka?"

Nikasema ndiyo, kwa namna yake.

"Alfajiri mimi nimeshapika, nimeshawatoa wajukuu kwenda shule, nimeshasali. Saa mbili niko ndani ya maji, yanipiga hapa," akagusa kiuno. "Sasa hao wa banda watasoma kwamba sisi tulilala."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa afadhali angesema kwa hasira, ningepata pa kushika. Walijua kile kifungu cha asilimia sitini, nilikuwa nimewasomea mwenyewe siku ya kuzindua mradi. Kila mtu mle ndani alijua kwamba mistari miwili niliyoiandika Raskazone, mbele ya kikombe cha chai, ndiyo ingewanyima banda. Niliona aibu ambayo hata leo nikiiandika naisikia shingoni. Nikawaambia nitabadilisha. Mwenyekiti akasema, "Usibadilishe kwa kutuonea huruma. Andika lililokuwa." Wakatia sahihi muhtasari, watatu kwa dole gumba.

Njiani nilimwuliza dereva, Mdigo wa hapahapa, kama anajua bamvua ni nini. Alinitazama kwenye kioo kuona kama namtania. Akasema alidhani ofisi inaenda siku za bamvua makusudi, kwa sababu zake za kitaalamu, na yeye kazi yake ni usukani.

Mkurugenzi alisoma muhtasari mara mbili. Tulikuwa na siku mbili kabla ya mwisho wa kutuma. Hofu yake niliielewa, na siwezi kumlaumu. Nikiandika kwamba sababu ni sisi, kwamba shirika linalojiita la pwani lilipanga ratiba bila kuuliza maji yanapwa lini, mfadhili angeweza kukibakiza kijiji na kutuacha sisi. Kulikuwa na mishahara ya watu sita hapo, wa kwangu mmojawapo. Akapendekeza njia ya katikati: tuandike "changamoto za hali ya bahari". Ni kweli, alisema, na haimuumizi mtu.

Nilimwambia bahari haikuwa na changamoto yoyote. Ilikuja na kuondoka siku ileile iliyotakiwa. Nilisema kwa sauti ya juu kuliko inavyompasa mtu kusema na mzee, nikamwomba radhi papo hapo. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta. Kisha akasema, "Mimi ndiye niliyekuambia ni sherehe. Andika na hilo."

Sikuandika hilo. Niliandika hivi: "Ratiba ya mafunzo iliandaliwa na ofisi bila kuzingatia siku za bamvua, ambazo washiriki huwa baharini wakihudumia mwani. Mafunzo sita yaliyoharibika yote yaliangukia siku hizo. Katika siku sita nyingine mahudhurio hayakupungua washiriki ishirini na sita kati ya thelathini. Washiriki walitoa taarifa kwa maandishi, ofisi haikuielewa." Kwenye hatua za kurekebisha nikaandika kwamba mafunzo sita yaliyobaki yatafanyika siku za maji mafu, kwa kalenda itakayoandaliwa na kikundi chenyewe, na nikaambatisha jedwali la tarehe zote mbili, za Kizungu na za mwezi.

Afisa wa mfadhili, mama mmoja makini ambaye nilikuwa namjua kwa barua pepe tu, hakujibu kwa wiki mbili. Mkurugenzi alianza kuja ofisini mapema, jambo ambalo si kawaida yake. Alipojibu aliuliza maswali manne, yote ya haki, na moja liliuma: ni nani katika shirika letu anatoka kwenye jamii ya wavuvi au wakulima wa mwani? Tukajibu dereva. Mwishowe uamuzi ukaja. Kijiji kimekubaliwa kuingia mwaka wa pili, kwa sharti la kumalizia mafunzo. Shirika litaripoti kila robo mwaka badala ya kila nusu, mpaka itakapoonekana vinginevyo. Yaani adhabu yangu ilikuwa visanduku zaidi. Mkurugenzi alicheka kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi, akaagiza soda za ofisi nzima.

Nilipompigia mwenyekiti kumpa habari simu iliita bila kupokelewa. Nikatazama dirishani, nikaona maji yako mbali kabisa, mchanga umejianika. Nikaweka simu chini nikasubiri mchana. Alipopokea alishukuru sana, akanitakia mume mwema, ingawa ninaye.

Ningeweza kuishia hapo, na kwa muda niliishia. Lakini robo iliyofuata, nikijaza jedwali, mkono wangu uliandika tena mwamko mdogo wenyewe, kwa mazoea tu, kuhusu jambo jingine la Pongwe. Nikaufuta. Halafu nikainuka nikaenda kwenye kabati la faili zilizofungwa, nikatoa ile ya kijiji cha njia ya Horohoro. Nao walikuwa wa mwani. Nao walipangiwa saa nne asubuhi, Jumanne. Kwenye karatasi zao hapakuwa na maelezo yoyote, ila majina machache na nafasi tupu. Nilichukua kalenda, nikaanza kupitisha kidole kama katibu. Mafunzo saba yaliharibika mwaka ule. Sita yalikuwa ya bamvua.

Nilimwonyesha mkurugenzi. Mfadhili wa mradi ule alishaondoka nchini, hapakuwa na wa kumwandikia marekebisho. Alizipitia karatasi za ile faili moja moja. Mwishowe akasema kwamba sharti la kuwasomea wahusika halikuwapo wakati ule, lakini hakuna anayekukataza kusoma. Akanipa gari.

Nilikwenda siku ya maji mafu, hilo nilishajifunza. Kikundi kilikuwa kimevunjika zamani. Nilimkuta aliyekuwa mwenyekiti wao barazani kwake anasuka ukili, mama mwembamba, akanikaribisha bila kunikumbuka. Nikamwambia mimi ni nani. Nikamwambia nimekuja bila mradi, sina ahadi yoyote, nimekuja kumsomea ripoti yao niliyoiandika, na kumwambia kwamba si kweli. Nikasoma. Nikamwonyesha kalenda, Jumanne moja moja. Alizifuata kwa macho, ukili umelala mapajani.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kulaumiwa. Nilikuwa nimejiandaa hata kufukuzwa.

"Kumbe," akasema. Akausogeza ukili kando, akasema tena, "Kumbe. Sisi miaka yote hii twajiuliza tuliwakosea nini."